Uzi: Kumbusho kwa ambao hawajajisajili, unaliandikaje lilete majibu bila kuwachosha watu?

Mratibu_Kazini · Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Naombeni msaada kwa jambo ambalo limeniharibia mwisho wa juma.

Naratibu semina ya siku mbili ya wanachama wetu. Jumatatu iliyopita niliwaandikia watu 212 barua pepe yenye linki ya fomu ya Google ya kujisajili. Mpaka Ijumaa mchana walikuwa wamejisajili 71. Nikaona niwakumbushe, nikaituma tena barua ileile kwa wote 212 kwa Bcc, nikabadilisha kichwa tu: "KUMBUSHO MUHIMU: HUJAJISAJILI".

Wamejisajili 12 zaidi. Lakini nimepata pia majibu 9 ya hasira. Watatu wanataka niwatoe kabisa kwenye orodha. Mmoja, mama wa heshima zake ambaye hajawahi kukosa semina, ameandika hivi: "Nilijisajili Jumanne na fomu ikaniambia imepokelewa. Sasa nimwamini nani, fomu au wewe?"

Usajili unafungwa Jumatano ya wiki ijayo na lazima nitoe idadi. Nataka kuwakumbusha mara moja zaidi, ila naogopa. Nisemeje safari hii?

Kisima · saa 3:05 asubuhi

Mkuu, kosa lako ni siku. Ijumaa mchana hakuna anayesoma barua za kazi. Tuma Jumanne asubuhi. Kichwa chako kianze na "Re:" ili mtu aone ni mazungumzo yanayoendelea, atafungua tu. Halafu tumia mfumo unaoonyesha nani amefungua na nani hajafungua, ukumbushe wale ambao hawajafungua peke yao.

Nyundo · saa 3:20 asubuhi

Hata mimi nina jamaa ananidai majibu ya ankara tangu mwezi uliopita, kila siku kumbusho. Nadhani dawa ni kumwandikia barua rasmi yenye muhuri.

Mratibu_Kazini · saa 3:24 asubuhi

Ndugu Nyundo, hapa hakuna anayedaiwa. Nawaalika watu, wana hiari ya kuja au kutokuja.

Karani_wa_Dodoso · saa 4:15 asubuhi

Mratibu, pole. Nimefanya kazi ya kukusanya majibu ya madodoso kwa miaka mingi, na nikuambie ukweli: maneno ya kumbusho ni jambo la pili. La kwanza ni kujua anayeletewa ni nani. Yule mama hakukasirishwa na herufi kubwa. Umemwambia hajafanya jambo alilokwisha kufanya, na sasa haamini kama fomu yako inafanya kazi.

Kabla hujaandika neno lolote, tafuta idadi halisi ya watu unaowadai jibu. Usitoe 83 kwa 212 ukasema wamebaki 129, maana hiyo hesabu itakudanganya. Fungua jedwali la majibu, uoanishe anwani ya kila aliyejisajili na orodha yako ya mwaliko. Weka hii kwenye safu mpya kando ya orodha, ikiwa anwani za mwaliko ziko safu ya A na anwani walizojaza ziko safu ya B ya jedwali la Majibu:

```
=IF(COUNTIF(Majibu!$B:$B,A2)>0,"amejibu","bado")
```

Kisha geuza: kati ya waliojisajili, tafuta wale ambao anwani zao hazimo kwenye mwaliko wako. Watakuwepo. Unamwandikia mtu kwa anwani ya kazini, anajaza fomu kwa anwani yake binafsi ya kwenye simu. Kompyuta inawaona ni watu wawili. Hao utawatambua kwa jina, kwa macho yako mwenyewe, hakuna njia ya mkato.

Baada ya hapo toa anwani zilizorudisha barua, toa walioomba kutolewa, na toa wale waliokujibu kwa barua pepe ya kawaida bila kugusa fomu. Hilo kundi la mwisho husahaulika kila mara, na ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu mtu amejibu kiungwana na wewe unamwandikia kana kwamba amenyamaza.

Rudi hapa na namba, ndipo tuzungumzie maneno.

Mratibu_Kazini · saa 8:50 mchana

Nimemaliza sasa hivi, imenichukua saa mbili.

Waliojisajili 83. Anwani 66 zimeoana moja kwa moja. Katika 17 zilizobaki, 14 ni waalikwa wangu walioandika anwani nyingine (yule mama ni mmojawapo), na 3 sikuwaalika kabisa, nadhani mtu aliwapelekea linki. Kwa hiyo waalikwa waliojisajili kweli ni 80, wamebaki 132. Anwani 6 zilirudisha barua, nimezitoa, nazitafutia simu. Walioomba kutolewa ni 3. Na nimekuta watu 5 walionijibu kwa maneno tu, "nitakuwepo" au "nasikitika sitaweza", tangu Jumatatu ileile.

Wamebaki 118.

Karani_wa_Dodoso · saa 9:30 alasiri

Hao 118 ndio unaowaandikia. Kwa wale 14 na wale 5, waandikie mistari miwili leo hii, kila mmoja kwa jina lake: jibu lako tumeliona, samahani kwa usumbufu. Usisubiri kumbusho.

Sasa turudi kwa ndugu Kisima, maana amegusa mambo ya kweli ila yameelekea pembeni kidogo.

Siku: usibahatishe wala usichukue siku ya mtu mwingine. Fomu yako ina safu ya Timestamp. Hesabu walijisajili wangapi kila siku baada ya barua ya kwanza.

Kuhusu waliofungua na wasiofungua: alama hiyo hutegemea kipicha kidogo kilichofichwa ndani ya barua. Tangu 2021 programu ya Apple Mail inaweza kupakua picha hizo yenyewe hata kama mwenye simu hajaigusa barua, kwa hiyo inakuonyesha amefungua kumbe hajui hata kama imefika. Upande mwingine wapo wanaozuia picha, wamesoma mara tatu na wewe unaona hawajafungua. Alama hiyo haifai kuamulia nani akumbushwe. Kinachofaa ni kimoja tu: jibu limeingia au halijaingia.

Na "Re:" ya kubandika mahali ambapo hapakuwa na mazungumzo, hapana. Mtu akifungua akakuta hakuna kilichotangulia, umepoteza imani yake kwa barua zote zijazo. Ila ukiijibu barua yako ya kwanza kwelikweli, mwaliko ukabaki chini yake, hiyo ni halali na inamsaidia, hahitaji kutafuta maelezo.

Kisima · saa 9:48 alasiri

La picha sikulijua, asante mkuu. Kwenye "Re:" nilimaanisha hiyo ya pili.

Mratibu_Kazini · saa 10:10 jioni

Nimehesabu. Jumatatu 39, Jumanne 17, Jumatano 9, Alhamisi 4, Ijumaa kabla ya kumbusho 2.

Karani_wa_Dodoso · saa 10:40 jioni

Umeona mteremko huo? Zaidi ya nusu walijibu siku ileile. Mwenye nia na nafasi hujibu papo hapo au kesho yake. Kufikia Alhamisi barua yako ilikuwa imezama chini ya barua nyingine na haikuwa na kazi tena. Hapo ndipo wakati wa kumbusho, mteremko unapokaribia sifuri. Ukituma Jumanne, siku moja tu baada ya mwaliko, unawagonga watu ambao wangejibu wenyewe. Ukisubiri wiki tatu, mtu hakumbuki tena mwaliko wenyewe ulihusu nini.

Sasa maneno. Barua ya pili isiwe nakala ya ya kwanza. Mtu ambaye hakujibu ile ya kwanza alikuwa na sababu: ilikuwa ndefu, au hakuwa na hakika na ratiba yake, au hakuona ni kwa nini yeye, au hataki kuja na hakuona mahali pa kusema hivyo. Kuirudia ni kumpa kikwazo kilekile mara ya pili. Jiulize ni sababu ipi inayowazuia wengi, uiondoe hiyo.

Kwa semina, kwa uzoefu wangu, sababu kubwa ni mbili: "sijajua bado" na "siji ila naona haya kusema". Fomu yako ina nafasi ya kusema siji?

Mratibu_Kazini · saa 10:52 jioni

Haina. Ni jina, anwani, simu, taasisi, cheo, mahitaji maalumu, halafu tuma.

Karani_wa_Dodoso · saa 11:30 jioni

Basi asiyekuja hana jibu la kukupa zaidi ya kunyamaza, na wewe utaendelea kumkumbusha kwa kosa ambalo hakulitenda. Ongeza swali la kwanza lenye majibu matatu: Nakuja, Siji, Sijajua bado. Akichagua Siji, fomu iishie hapo, asiulizwe hata cheo. Fomu za Google zinaruhusu kumpeleka mtu sehemu tofauti kulingana na jibu lake.

Taasisi, cheo na simu unavyo tayari kwenye orodha yako, vitoe. Mpe kila mtu linki yake yenye namba yake ya orodha. Kwenye fomu kuna chaguo la kutengeneza linki iliyojazwa mapema, ukiifungua utaona `entry.` na tarakimu zake. Chukua hiyo, na kwenye jedwali la waalikwa andika:

```
="https://docs.google.com/forms/d/e/FOMU/viewform?usp=pp_url&entry.TARAKIMU="&C2
```

Mahali pa `FOMU` na `TARAKIMU` weka zako, na `C2` ni seli yenye namba ya mwalikwa, kwa mfano K017. Tangu hapo unaoanisha kwa namba, siyo kwa anwani, na lile tatizo la watu 14 halitarudi. Mipaka yake ni hii: mtu anaweza kuifuta namba kwenye fomu, na akimpelekea mwenzake linki utapata majibu mawili yenye K017. Ukiona namba moja imejirudia, fungua majina uangalie.

Barua yenyewe ningeiandika hivi:

> Kichwa: Semina ya tarehe 14: utakuwepo?
>
> Ndugu Fulani,
>
> Bado hatujapata jibu lako kuhusu semina ya tarehe 14 na 15, na Jumatano ijayo tunatoa idadi ya viti. Tafadhali tujulishe kama utakuja, hutakuja, au hujajua bado. Ni swali moja:
>
> [linki yako]
>
> Ukichagua kwamba huji, hatutakuandikia tena kuhusu semina hii. Kama umejibu ndani ya saa chache zilizopita, tumepishana njiani, asante.
>
> (jina la mtu na namba yake ya simu)

Ombi liko mwanzoni, kwa sababu wengi wanaona mistari ya kwanza tu kwenye simu. Tarehe ya mwisho ina sababu yake, viti. Na "hatujapata jibu lako" siyo sawa na "hujajibu". Ya kwanza inasema tulichonacho sisi, ya pili inamshtaki.

Mpokeaji · saa 1:15 usiku

Nasema kama mtu anayepokea barua hizi, siyo kama anayezituma. Kumbusho moja nalielewa. La pili naliona ni kunisukuma, hata liwe na adabu gani. Mtu asipojibu mara mbili amejibu. Kwa nini hilo haliheshimiwi?

Karani_wa_Dodoso · saa 1:40 usiku

Hoja yako ina uzito, na kwa mwaliko wa hiari ningekaribia kukubaliana nawe. Kwenye dodoso la utafiti mambo ni mengine kidogo. Don Dillman, aliyeandika sana juu ya madodoso ya posta tangu miaka ya 1970, alijenga utaratibu wake wote juu ya kumfikia mtu mara kadhaa, kila mara kwa barua tofauti. Sababu ni kwamba wanaojibu mapema na wanaojibu wakichelewa wanaweza wasifanane. Ukiishia kwa waliojibu siku ya kwanza, unaweza kupata picha ya watu wenye muda na wenye msimamo mkali tu. Kila kumbusho huongeza wachache kuliko lililotangulia, lakini hao wachache wanaweza kubeba sauti ambayo ungeikosa.

Hata hivyo mpaka upo. Mimi huacha pale kumbusho linapoleta malalamiko kuliko majibu, na mtu akishasema hapana sirudi kwake.

Mpokeaji · saa 1:52 usiku

Hapo tunatofautiana. Hizo sauti zilizokosekana ni shida ya mtafiti, siyo yangu.

Dada_wa_Ofisini · saa 2:20 usiku

Naomba niongeze la kwetu, maana linahusu madodoso moja kwa moja.

Kazini tulipewa dodoso kuhusu viongozi wetu. Barua iliahidi kwamba majibu hayana jina. Wiki moja baadaye nikapata kumbusho: "Dada (jina langu), tumeona bado hujajibu." Nilikaa naitazama ile sentensi. Kama wameona sijajibu, basi wakiamua wataona nilichojibu. Sikujibu, na wenzangu watano niliowauliza waliacha kwa sababu hiyohiyo. Na hao ndio waliokuwa na ya kusema.

Karani, hiyo linki yenye namba ya kila mtu ingeleta jambo hilohilo, au siyo?

Karani_wa_Dodoso · saa 2:55 usiku

Ingeleta, dada, na nashukuru umelisema. Nilichomwandikia Mratibu kinafaa kwa usajili, ambako jina la mtu ndilo linalotakiwa. Kwenye dodoso lenye ahadi ya siri, ni marufuku kuweka namba ndani ya majibu.

Njia zipo. Ya kwanza ni kuwaandikia wote, na kusema wazi kwamba hatujui nani amejibu kwa sababu majibu hayana majina, ndiyo maana hata wewe uliyejibu unaipata barua hii. Hapo usumbufu wenyewe unakuwa ushahidi wa ahadi. Ya pili ni orodha mbili zisizogusana: mtu akimaliza dodoso anapelekwa kwenye fomu nyingine kabisa, anaandika jina lake tu kwamba amemaliza. Zamani za posta walifanya hivyo kwa kadi inayorudishwa peke yake, mbali na bahasha ya majibu. Mfumo wa LimeSurvey nao una mpangilio wa kutenganisha majibu na orodha ya waalikwa, na ukiuwasha, kwenye orodha unaona alama `Y` kwamba amemaliza, bila tarehe, ili mtu asioanishe kwa saa.

Lakini hata ukiwa na mfumo huo, ueleze. Sentensi moja ingetosha: mfumo unatuambia nani amemaliza, hautuambii jibu lipi ni la nani. Na kwenye ofisi ndogo yenye watu wanane, hata hilo halitoshi, kwa sababu jibu linalokuja baada ya kumbusho la watu wawili linajulikana ni la nani. Hapo mimi sikumbushi kwa majina kabisa.

Fundi_Mitambo · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Tahadhari moja kabla hujatuma, Mratibu. Sisi tuliweka vitufe viwili ndani ya barua yenyewe, "Nakuja" na "Siji", kila kimoja linki inayoandika jibu mara tu inapofunguliwa. Tukapata "Siji" 19 ndani ya dakika moja ya kutuma. Wote walikuwa wa taasisi moja, na kila mmoja alikuwa pia na "Nakuja", sekunde ileile.

Hawakuwa watu. Ulikuwa ulinzi wa barua pepe wa taasisi yao, unaofungua kila linki kuikagua kabla barua haijamfikia mwenyewe. Tulitambua kwa hizo sekunde. Tulikuwa tumekwisha kuwafuta watu 19 kwenye orodha, ikabidi tuwapigie simu mmoja mmoja. Siku hizi linki yetu inafungua ukurasa tu, na jibu haliandikwi mpaka mtu abonyeze kitufe cha kutuma.

Karani_wa_Dodoso · saa 2:30 asubuhi

Hilo ni la kuandikwa ukutani. Linki ya Google iliyojazwa mapema iko salama hapo, kwa sababu kuifungua hakutumi kitu.

Mratibu_Kazini · Ijumaa, saa 5:10 asubuhi

Wakuu, nimerudi. Niliituma Jumanne saa 4 asubuhi kwa watu 118, mmoja mmoja, siyo kwa Bcc. Dakika kumi kabla ya kutuma niliangalia fomu tena nikatoa wawili waliojisajili usiku kwa linki ya zamani, kwa hiyo ilikwenda kwa 116.

Mpaka sasa: Nakuja 31, Siji 22, Sijajua 11. Kimya 52. Lalamiko ni moja tu, na huyo ni mtu aliyesema hakumbuki kuwahi kuwa mwanachama, nimemtoa.

Wale 22 wa "Siji" wamenishangaza. Kadhaa waliandika "asante kwa kuniuliza". Wiki nzima walikuwa na jibu na mimi sikuwa nimewapa mahali pa kuliweka.

Sasa nimebakiwa na Jumatatu na Jumanne. Hao 52 niwaandikie tena?

Kisima · saa 5:25 asubuhi

Waandikie. Siku ya mwisho huwa inaamsha watu.

Mpokeaji · saa 5:40 asubuhi

Waache. Umewapa nafasi ya kusema siji na hawakuitumia.

Karani_wa_Dodoso · saa 6:20 mchana

Mimi ningeanza na wale 11 wa "Sijajua", kwa simu, Jumatatu. Hao wamekuonyesha nia, na simu moja ya dakika mbili itakujulisha kinachowazuia.

Kwa wale 52 ningetuma mistari miwili Jumanne asubuhi: usajili unafungwa kesho, ukinyamaza tutahesabu kwamba huji na nafasi yako itapewa mwingine. Lakini ukiandika hivyo, lazima uufunge kweli Jumatano. Ukiongeza siku mbili baada ya kusema ni mwisho, mwaka ujao hakuna atakayeiamini tarehe yako.

Mratibu_Kazini · saa 6:45 mchana

Nitafanya hivyo. Nimekwisha kupanga fomu ijifunge Jumatano saa 11 jioni. Katika wale 52 kuna wanane wa taasisi moja, nimeanza kushuku barua zangu haziwafikii kabisa. Nampigia karani wao sasa hivi kabla sijatuma chochote.